Eisi inapoza, hewa mpya haileti

Mwanaisha: Haya tuanze, joto hili la Kaskazi kila mtu kajifungia na eisi, afu asubuhi unaamka kichwa kizito, mdomo mkavu. Salim we ni fundi, si inavuta hewa nje ile?

Salim: Haivuti dadangu! Watu wanaona bomba limetoka ukutani wanadhani hewa inapita mle, kumbe mle mnapita gesi ya kupozea na maji yanayodondoka, basi. Hewa ni ileile ya chumbani, inapozwa inarudi, inapozwa inarudi, na nyinyi mnaendelea kuipumulia.

Mwanaisha: Kwa hivo inayojaa ni kaboni dayoksaidi?

Salim: Eeh. Nje huku iko kama 420 ppm, yaani sehemu 420 kwa kila milioni ya hewa. Juzi niliweka mita ya kupima gesi hiyo kwa mteja mmoja huko Tudor, Mombasa, chumba mita 3 kwa 4, wamelala mtu na mkewe, dirisha na mlango vimefungwa. Saa tano usiku ilisoma 600, alfajiri saa kumi na moja 2,700. Na ilisimama hapo kwa sababu chini ya mlango pana upenyo, maana watu wawili wamelala wanaweza kuongeza kama 700 kila saa kwa chumba kile lau kingezibwa kabisa.

Mwanaisha: Subhanallah, si ni sumu hiyo?

Salim: La, usiwatishe watu. Makazini kikomo cha masaa 8 ni 5,000. Hii inakuletea hewa nzito na usingizi usiotosha. Ya kuua ni ile nyingine, kaboni monoksaidi, ya jiko la makaa na jenereta, hiyo chumbani usiiingize hata dirisha liwe wazi.

Mwanaisha: Sasa nikifungua dirisha si joto lote laingia, na stima je?

Salim: Ndo maana nikawaambia waanze na mlango. Usiku wa pili waliuacha wazi kuelekea sebuleni, mita haikupita 1,100. Kama hutaki mlango wazi, wacha dirisha upenyo wa vidole viwili, wavu wa mbu ukiwepo, eisi itafanya kazi zaidi kidogo na maji yatadondoka zaidi kwa huu unyevu wetu wa pwani, lakini utalala. Na kabla ya kuiwasha fungua dirisha na mlango dakika 10 upepo upite, usianze usiku na hewa ya mchana.

Mwanaisha: Feni je?

Salim: Feni inazungusha tu, labda uielekeze dirishani.

Mwanaisha: Na mita nanunua ipi, maana za bei rahisi ziko tele.

Salim: Tafuta iloandikwa NDIR, hiyo inapima gesi yenyewe kwa mwanga usioonekana. Ikiandikwa eCO2 hiyo inakisia kwa harufu, ukifukiza udi tu inapanda mpaka unadhani nyumba imejaa watu wa harusi.

Mwanaisha: Kwangu basi itapiga kelele kila Alhamisi jioni.