Pampu ya nyumbani: kuweka lebo na kuandika maelezo ili mdogo wako aweze kuitengeneza

Karibuni. Boksi mnaloliona hapa limefungwa ukutani nyumbani kwa mama. Linaendesha pampu ya maji: maji yakiwepo kwenye tenki la chini na tenki la juu halijajaa, pampu inawaka yenyewe. Ndani kuna Arduino Uno, kompyuta ndogo inayotoa amri, rilei moja, swichi inayowashwa na amri hizo, kontakta ya kuwashia pampu, na waya mbili mbili zinazokwenda kwenye maboya ya matenki. Nililifunga mwenyewe, na kwa miaka miwili mimi peke yangu ndiye niliyejua kila waya unakwenda wapi.

Halafu nikahamishwa kikazi. Siku moja panya akakata waya wa boya la juu na pampu ikagoma. Mama akamwita fundi. Yule fundi alikuta waya nne nyeupe zinazofanana, hakuna hata alama, naye akafanya alichoweza: akaziunganisha zote, mbili kwa mbili, ili pampu ipate kuwaka. Iliwaka kweli. Tenki la juu likafurika, la chini likakauka, pampu ikaendelea kuzunguka bila maji mpaka sili ikaungua. Simlaumu hata kidogo. Boksi halikumwambia kitu.

Leo nalifungua upya, na atakayelitunza kuanzia sasa ni mdogo wangu. Yeye si fundi umeme, ila ana akili ya kufuata maelezo. Basi tuanze.

Kwanza kabisa, zima breka ya pampu, kisha hakikisha kwa kitesta kwamba umeme umekatika kweli. Usiamini rangi za waya. Nyumba nyingi za zamani zina nyekundu na nyeusi, za karibuni zina kahawia na bluu, na nyumba iliyoongezwa vyumba inaweza kuwa na zote mbili. Ndiyo maana mimi natumia namba.

Namba zangu nimezigawa hivi. Waya zote za umeme mdogo, ule wa volti 5, zina tarakimu moja: 1 mpaka 9. Waya zote za umeme wa nyumba, ule unaoua, zina tarakimu mbili, kuanzia 21. Kwa hiyo nimeshamwambia mdogo wangu sheria moja tu: tarakimu moja, ruhusa kugusa, tarakimu mbili, huna kazi nayo, ita fundi umeme. Upande wa tarakimu mbili nimeufunika kwa kifuniko chake cha plastiki chenye skrubu, hata boksi likiwa wazi mkono haufiki.

Sasa tazama ninavyoandika. Nakata kipande cha karatasi, naandika namba kwa kalamu ya wino wa kudumu, nakizungusha kwenye waya, kama sentimita 3 kutoka kwenye ncha, halafu juu yake navisha ule mrija wa plastiki angavu unaosinyaa ukipata joto. Angalia, mrija unaingizwa kabla waya haujafungwa kwenye konekta. Ukisahau utalazimika kufungua tena. Tepu ya karatasi peke yake isikudanganye: boksi likikaa ukutani miezi michache gundi inakauka, lebo zote unazikuta chini zimelala kama majani makavu. Na namba 6 na 9 zipigie mstari chini, kwa sababu waya ukipinduka moja inageuka kuwa nyingine.

Kila waya unawekewa namba ncha zote mbili. Hapa ndipo wengi tunavivia, kwa sababu ncha ya pili iko juu ya paa. Lakini panya hakati waya mbele ya boksi, anakata huko huko darini, na anayepanda na tochi anahitaji kujua ameshika waya gani.

Huko juu kuna jua, na wino wa kalamu unafutika. Nimefanya hivi: nimekata kipande cha kopo la soda, nikakunja kingo zake zisikate mtu, nikakiweka juu ya gazeti na kuandika namba kwa kalamu ya kawaida huku nikikandamiza sana. Wino utaondoka, maandishi yatabaki yamechimbika kwenye bati. Nakifunga kwa tai ya plastiki nyeusi, maana zile nyeupe jua linazivunja haraka. Bati hili ni kwa waya za umeme mdogo tu. Karibu na umeme wa nyumba usiweke lebo ya chuma.

Kabla sijashuka, napiga picha ya boya. Boya la aina hii ndogo, lenye sumaku ndani, ukilivua na kulirudisha juu chini linafanya kazi kinyume: linaunganisha pale lilipokuwa linakata. Mtu akilisafisha na kulirudisha vibaya, atahangaika na waya siku nzima na waya hazina kosa. Picha hii itabandikwa kwenye mlango wa boksi, ikiwa na mshale unaoonyesha upande wa juu.

Tuje kwenye kodi, yaani ile programu inayoiambia Arduino cha kufanya. Ukishaipeleka ndani ya Arduino, huwezi kuitoa tena ikiwa katika hali ya kusomeka. Faili lako likipotea, umebaki na kifaa kinachofanya kazi ambacho hakuna anayeweza kukibadilisha. Kwa hiyo faili nimeliweka kwenye flashi ndani ya mfuko wa plastiki humu humu kwenye boksi, na nakala nyingine iko kwenye grupu la WhatsApp la familia.

Sehemu ya juu ya kodi inasomeka hivi:

```
// PAMPU YA NYUMBANI - TOLEO 4
const int WAYA_3_TENKI_CHINI = 2; // LOW = maji yapo
const int WAYA_5_TENKI_JUU   = 3; // LOW = halijajaa
const int WAYA_7_RILEI       = 7; // LOW = pampu INAWAKA

// Ndoo ya lita 20 ilijaa kwa sekunde 40,
// yaani lita 30 kwa dakika.
// Tenki lita 1000 / 30 = dakika 33. Nimeweka 45.
// UKIBADILI PAMPU, PIMA UPYA.
const unsigned long DAKIKA_ZA_JUU = 45;
const unsigned long DAKIKA_ZA_KUPUMZIKA = 5;
```

Mnaona jina linabeba namba ya waya. Mtu akishika waya namba 5 mkononi, anatafuta 5 kwenye kodi na anaikuta. Karatasi, waya na kodi vinasema lugha moja. "TOLEO 4" nimeiandika pia kwenye kibandiko juu ya Arduino yenyewe, ili ijulikane kama faili lililo kwenye flashi ndilo lililo ndani.

Rilei yangu inawaka inapopewa LOW, yaani volti sifuri. Kwa mtu mgeni hilo ni kinyume cha anavyotarajia, na asipoambiwa ataona kosa na "kulisahihisha". Na maboya nimeyapanga hivi makusudi: LOW ni ruhusa. Pini zote mbili zikiwa LOW pampu inaruhusiwa kuwaka. Waya ukikatika, pini inapanda HIGH na pampu inazima. Tukose maji siku moja, lakini pampu isiungue.

Tena tazama ile 45. Ningeandika tu "muda wa juu wa pampu" isingemsaidia mtu, kwa sababu jina limeshasema hivyo. Anachohitaji ni kujua nilipoitoa. Kesho wakinunua pampu yenye nguvu ndogo inayojaza ndoo kwa dakika nzima, tenki litataka dakika 50, na mfumo utakuwa unazima kila siku kabla halijajaa. Ukishapitisha dakika 45 mfumo unajifunga mpaka breka izimwe na kuwashwa tena. Hilo nalo nimeliandika.

Sasa karatasi ya mlangoni. Iwe ukurasa mmoja, maandishi makubwa, ndani ya plastiki. Juu kuna mchoro wa namba, chini kuna swali moja: pampu haiwaki, nifanyeje? Jibu linaanza na ile taa ndogo nyekundu iliyo kwenye rilei. Ikiwa inawaka na pampu kimya, Arduino imeshatoa amri, tatizo liko upande wa tarakimu mbili: zima breka, ita fundi umeme, mwonyeshe mchoro. Ikiwa haiwaki, tatizo liko upande wako. Hakikisha tenki la chini lina maji na la juu halijajaa, zima breka, unganisha 5 na 6, zile waya mbili za boya la juu, kwa kipande cha waya, washa breka. Taa ikiwaka, boya la juu au waya wake una hitilafu. Usiache kipande hicho hapo, kwa sababu pampu haitajua tenki limejaa.

Nilidhani nimemaliza. Nikachomoa waya namba 5 kwa siri, nikamwita mdogo wangu, nikampa karatasi, nikakaa kwenye ndoo pembeni bila kusema neno. Akasoma. Akazima breka, akaunganisha 5 na 6 kwenye konekta, akawasha. Akaitazama taa. Akasubiri kama nusu dakika, akasema, "Kaka, haiwaki. Basi boya ni zima." Alikuwa amekosea, na kosa lilikuwa langu. Kila umeme unaporudi, kodi yangu inasubiri dakika 5 ili pampu isiwake na kuzima umeme unapokatikakatika. Ilikuwa kichwani mwangu na kwenye kodi, ila karatasini haikuwepo.

Nikachukua kalamu, nikaongeza baada ya "washa breka": SUBIRI DAKIKA 5, TAZAMA SAA. Safari hii alisubiri. Dakika ya tano ilipofika rilei ikalia "ta", taa nyekundu ikawaka, na huko nje pampu ikaanza kunguruma. Akageuka kwenye konekta, akavuta taratibu waya namba 5. Ukatoka mkononi mwake wala haukuwa umekazwa.

Kuna Uno ya pili kwenye mfuko huu, ina Toleo 4 tayari, kwa siku ile Uno hii ya kwanza itakapokufa. Kuibadilisha ni kuzima breka, kupiga picha kwa simu, kisha kuhamisha waya mmoja mmoja kutoka pini hadi pini, usichomoe zote kwa pamoja. Anafanya sasa hivi. Amefika namba 7.