Jozi ya Opsheni Kabla ya Matokeo: Ghali au Rahisi? Tuipime Tukio kwa Tukio

Habari zenu, karibuni tena. Leo fungua lahajedwali tupu, tufanye kazi pamoja. Kuna hesabu moja watu wengi wanaifanya nusunusu halafu wanaweka pesa juu yake. Kampuni inakaribia kutoa matokeo ya robo mwaka. Mtu anaangalia hisa iliruka kiasi gani robo zilizopita, anaona wastani wa asilimia 6. Anaangalia opsheni, anaona soko linadai karibu asilimia 7. Basi anasema opsheni ni ghali, anaziuza. Tutachukua hesabu hiyohiyo na namba hizohizo, kisha tuifikishe mwisho.

Tukubaliane majina kwanza. Opsheni ni haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa, yenye tarehe ya kuisha. Ukinunua opsheni ya kununua hisa na opsheni ya kuuza hisa, zote kwa bei moja iliyopangwa na tarehe moja ya kuisha, kwenye menyu ya broka inaitwa `Straddle`. Mimi nitaiita jozi. Mwenye jozi hajali hisa inapanda au inashuka, anachotaka ni iende mbali. Bei ya jozi ukiigawanya kwa bei ya hisa unapata mruko unaolipiwa. Kile ambacho hisa inafanya kweli baada ya matokeo ni mruko halisi. Video nzima ni kushindanisha hivi viwili.

Hatua ya kwanza, soma bei ya leo. Mfano wangu ni kampuni ya kubuni kwenye soko la Marekani. Hisa ni dola 80, ni Alhamisi dakika chache kabla ya soko kufungwa, matokeo yanatoka jioni hiyo, na opsheni zinaisha kesho yake Ijumaa. Kwa bei iliyopangwa ya 80, opsheni ya kununua ina `Bid`, yaani bei anayotoa mnunuzi, 2.70 na `Ask`, yaani bei anayotaka muuzaji, 2.90. Ya kuuza ina `Bid` 2.60 na `Ask` 2.80. Chukua katikati ya kila moja: 2.80 na 2.70, jumla 5.50. Gawanya kwa 80, unapata asilimia 6.9.

Usitumie safu ya `Last`. Hiyo ni bei ya biashara ya mwisho, na huenda ilifanyika saa tatu zilizopita hisa ikiwa mahali pengine kabisa.

Nimechagua Alhamisi na Ijumaa kwa makusudi. Opsheni zikiisha siku ya kwanza baada ya matokeo, jozi inabaki na thamani ya umbali wa hisa kutoka 80 tu, hakuna kingine, na hesabu inakuwa safi. Kama tarehe ya karibu ni wiki moja mbele zaidi, ndani ya bei hiyo umelipia pia siku za kawaida, na lazima uzitoe. Tuseme jozi hiyo inalipia asilimia 7.9, ina siku tano za ziada, na kwa siku ya kawaida hisa hii husogea wastani wa asilimia 1.5. Hautoi 1.5 mara tano, kwa sababu siku moja inapanda na nyingine inashuka. Unatoa miraba: 7.9 kwa 7.9 ni 62.4, toa mara tano ya 2.25, inabaki karibu 51.2. Kipeuo chake cha pili ni kama 7.2. Hiyo ndiyo sehemu ya matokeo peke yake.

Hatua ya pili, mruko halisi wa zamani. Hapa ndipo mimi mwenyewe niliumia. Jedwali langu la kwanza kabisa lilionyesha hisa fulani inaruka asilimia moja tu kila robo, nikafurahi kama mtu aliyeokota pochi. Kumbe kampuni ilikuwa inatangaza jioni, baada ya soko kufungwa, na mimi nilikuwa napima siku ya tangazo yenyewe, yaani siku ambayo hakuna aliyejua chochote. Kampuni ikitangaza Alhamisi jioni, linganisha bei ya kufunga Ijumaa na ya Alhamisi. Ikitangaza Alhamisi asubuhi kabla ya soko kufunguliwa, linganisha Alhamisi na Jumatano. Ukiwa na shaka, ingia EDGAR, hifadhi ya taarifa za kampuni za Marekani, tafuta fomu `8-K` yenye `Item 2.02`, kisha tazama saa iliyoandikwa kwenye `Accepted`. Kwenye jedwali utaligundua kosa hili hivi: miruko midogo mfululizo, na siku inayofuata imejaa miruko mikubwa.

Safu zangu ni hizi: B bei kabla ya matokeo, C bei baada yake, E bei ya jozi jioni ile ya zamani. Nyingine zinajazwa na fomula, na zote zionyeshwe kwa asilimia:

```
D2:  =ABS(C2/B2-1)
F2:  =E2/B2
G2:  =D2-F2
```

D ni mruko halisi, F ni uliolipiwa, G ni alichopata au kupoteza mnunuzi. Kama hisa haikuwa imekaa sawasawa kwenye bei iliyopangwa, faida ya kweli itatofautiana kidogo, lakini kwa kupima inatosha.

Safu ya E ndiyo watu wanairuka, kwa sababu bei za zamani za opsheni mara nyingi ni za kulipia. Bila safu hiyo hakuna ushindani wowote, una upande mmoja tu. Ukiwa huna data, andika mwenyewe kila robo, dakika zilezile kabla ya kufunga. Angalizo moja: kama hisa iligawanywa, tuseme moja ikawa nne, bei za zamani za hisa zitakuwa zimerekebishwa na bei ya jozi haijarekebishwa. Ukiona safu ya F ghafla ni mara nne ya kawaida, umepata chanzo.

Sasa tazama skrini. Robo 12, kuanzia ya zamani zaidi. Mruko halisi: 3.1, 5.4, 1.2, 18.6, 4.0, 6.3, 2.5, 8.9, 3.7, 11.8, 0.9, 5.6. Uliolipiwa: 6.0, 6.2, 5.8, 6.1, 8.4, 8.0, 7.5, 7.2, 7.0, 7.3, 7.4, 7.1.

Wastani wa mruko halisi ni 6.0. Wastani wa uliolipiwa ni 7.0. Muuzaji wa jozi angeshinda mara 9 kati ya 12. Hapo wengi wanafunga kompyuta na kwenda kuuza.

Ngoja. Angalia tukio la nne. Hisa ilianguka asilimia 18.6, na jioni ile jozi ilikuwa inalipia 6.1 tu. Robo iliyofuata bei ikapanda hadi 8.4. Soko lilikuwa limeungua kidole. Ukichukua bei ya leo, 6.9, ukailinganisha na wastani wa miruko yote, unalinganisha bei ya watu waliokwisha kuungua na tukio lililowakuta kabla hawajaungua. Ndiyo maana tunashindanisha mstari kwa mstari: mruko wa jioni ile na bei ya jioni ile.

Safu ya G inasema hivi. Mnunuzi amepoteza mara tisa, kwa wastani kama 3.4 kila mara. Amepata mara tatu: 12.5, 1.7 na 4.5. Jumla ni hasi 12, sawa na hasi 1 kwa kila tukio. Upande wa muuzaji ni chanya 1. Lakini lile tukio la nne peke yake lilimnyang'anya muuzaji 12.5. Kama katika robo 12 zijazo hesabu ingekuwa hivihivi ila na tukio moja la ziada la namna ile, faida yake yote ingeisha na angebaki anadaiwa nusu asilimia.

Hapa kuna mtego wa namba ya katikati. Ukipanga miruko kwa ukubwa, ya katikati ni 4.7, chini kabisa ya 7. Namba hiyo inakuambia muuzaji atashinda mara nyingi. Haikuambii atalipa kiasi gani siku akishindwa, na jozi inalipa kwa ukubwa wa mruko. Kwa swali letu tumia wastani.

Hatua ya tatu, uliza kama hiyo asilimia 1 ni kitu au ni upepo.

```
=AVERAGE(G2:G13)
=STDEV(G2:G13)/SQRT(COUNT(G2:G13))
```

Ukizionyesha nazo kwa asilimia, ya kwanza inatoa hasi 1.0. Ya pili, yaani kosa sanifu la wastani, kiasi ambacho wastani unaweza kuyumba kwa bahati tu, inatoa kama 1.5. Maana yake ukweli unaweza kuwa muuzaji anapata 2.5 kwa tukio, au anapoteza nusu, na robo hizi 12 zisingekuonyesha tofauti. Ningependa kuona wastani ulio angalau mara mbili ya kosa lake. Robo 12 ni miaka mitatu. Ukirudi nyuma zaidi unaongeza mistari, ila unaleta na kampuni isiyofanana na ya leo.

Halafu kuna gharama. Ukiuza kwa `Bid` badala ya katikati, unapata 5.30 si 5.50. Senti 20 juu ya dola 80 ni robo asilimia. Ukifunga mapema kwa kununua tena, ni robo nyingine, tena asubuhi baada ya matokeo pengo kati ya `Bid` na `Ask` huwa pana zaidi. Nusu ya ile asilimia 1 imeshaliwa, na ada ya broka hatujaihesabu.

Kwa hiyo mimi jozi hii siuzi wala sinunui. Mnunuzi naye hana hoja hapa: bei ya leo ya 6.9 iko karibu palepale ilipokuwa robo nne zilizopita, 7.0 mpaka 7.4, haijashuka kwa maana. Kama ningekuta inalipiwa 4.5 na biashara ya kampuni ni ileile, ningekaa sawa kwenye kiti, lakini kabla ya kununua ningehakikisha kwanza tarehe ya matokeo haijasogezwa kupita siku ya kuisha kwa opsheni. Jozi rahisi kupita kiasi mara nyingi ni jozi ambayo tukio halimo ndani yake.

Fanya jaribio moja kwenye jedwali lako sasa hivi. Futa mstari wa tukio la nne. Wastani wa mnunuzi unageuka kuwa hasi 2.2, na kosa sanifu linashuka hadi kama 1.0. Ghafla kuuza kunaonekana kazi ya maana. Mstari mmoja tu. Sasa bonyeza `Ctrl+Z` uurudishe.