Jiko Limewaka, Karibuni: Ubao wa Siku ya Kufungua Mgahawa

Kina mama, kina baba, hamjambo. Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya ubao wa menyu, ule unaosimama mlangoni siku mgahawa unapofunguliwa. Nimeona tuchukue ubao mmoja tu, tuuandike na kuufuta hapa mbele yenu mpaka ukae sawa.

Ni ubao wa mgahawa mdogo hapa hapa Tanga. Mwenyewe ni dada anayejua kupika kwelikweli. Siku ya kufungua aliandika hivi: "Uzinduzi! Wateja wetu wapendwa karibuni sana tunatoa huduma bora ya vyakula mbalimbali vya asili na vya kisasa kwa bei nafuu." Nilisimama ng'ambo ya barabara nikatazama wapita njia. Walikuwa wakitupa jicho, halafu hao, wanakwenda zao. Kila alichoandika kilikuwa kweli, lakini hakuna neno hata moja mle lililonukia. Nani amewahi kumezea mate "vyakula mbalimbali"?

Tuanze na kichwa, na kichwa huanza na kipimo. Wanaoandika mabango wana kanuni yao: kila mita 3 za umbali, herufi iwe na urefu wa sentimita 2 na nusu. Barabara ile, toka ukingo mmoja hadi mwingine, ni kama mita 9. Kwa hiyo herufi za kichwa zisipungue sentimita 8. Ubao wa dada una upana wa sentimita 60. Herufi za ukubwa huo zinaingia kama kumi kwa mstari, basi. Hapo ndipo unapoona kwa nini maneno yake hayakusomeka: ili yaenee yote ilibidi ayabane, na yakibanwa, aliye ng'ambo haoni kitu ila weupe wa chaki.

Tukatafuta maneno machache. Yeye alitaka "Tumefungua". Si baya, ila hata duka la vifaa vya ujenzi hufungua. Nikamuuliza: asubuhi ile, kabla mtu yeyote hajaja, ulifanya nini kwanza? Akasema, "Niliwasha jiko." Tukaandika:

JIKO
LIMEWAKA
KARIBUNI

Mistari mitatu, wala hakuna mstari unaozidi herufi nane. Na tulichagua "karibuni" badala ya "karibu" kwa makusudi, maana watu wa mchana hupita wawili watatu, na mwaliko wa mmoja humwacha mwenzake kando.

Sasa chini ya kichwa, maelezo ya vyakula. Hapa msomaji ameshavuka barabara, amesimama hatua mbili tatu, kwa hiyo herufi za sentimita 2 na nusu zinatosha. Dada alikuwa na vyakula kumi na vinne. Nilimsihi aandike vitatu. Siku ya kwanza jiko halijazoea mikono, na kila chakula unachokiandika umeahidi kuwa nacho. Mtu akiagiza akaambiwa "hiyo imeisha", akaagiza kingine akaambiwa "hiyo bado", hata ukimpa cha tatu bure ameshaudhika.

Cha kwanza kilikuwa samaki wa kupaka. Yeye aliandika: "Samaki mtamu sana wa kupaka." Neno "mtamu" ni hukumu, na hukumu ni ya mlaji, hajaonja bado. Sisi tumweleze kilichofanyika jikoni, utamu atauona mwenyewe. Nilimwomba anisimulie anavyompika, nami nikawa naandika anavyosema: anampasua samaki, anampaka chumvi, ndimu na kitunguu saumu, anamchoma kwa mkaa, kisha anampaka tui zito lenye ukwaju na pilipili, anamrudisha motoni mpaka tui likauke na kushika rangi. Masimulizi yale ni marefu kwa ubao, lakini ndani yake mna maneno manne matano yanayobeba harufu yote. Yakabaki haya:

"Samaki wa kupaka. Changu wa leo, amechomwa kwa mkaa, akapakwa tui zito la ukwaju na pilipili. Kwa wali wa nazi na kachumbari. 9,000."

Tazameni kila neno lina kazi. "Mkaa" ni moshi. "Tui zito" ni uzito ulimini. "Pilipili" inamvuta mmoja na kumwonya mwingine, na wote wawili wanahitaji kujua. Wali na kachumbari vinamwambia sahani inakuja na nini, asianze kupiga hesabu ya nyongeza. Bei iko mwisho wa sentensi, haijafichwa. Asiyeiona bei mara nyingi haulizi. Anaogopa kuaibika, anapita.

Na neno "changu" liliandikwa peke yake, likiachiwa nafasi, kwa sababu bahari haina mkataba na mtu. Wakati wa kusi mawimbi yakikataa, mashua hazitoki, na unachokipata sokoni ni kingine kabisa. Siku hiyo unafuta "changu" unaandika "kolekole". Ikiwa samaki amelala kwenye barafu, futa na "wa leo". Watu wa pwani wanamjua samaki wa jana kabla hajafika mezani.

Jambo hili la ukweli lilinifika mwenyewe. Mwaka mmoja niliandikia mgahawa mwingine "Pweza laini wa nazi". Mpishi siku ile alizidiwa na wageni, akamtoa pweza kabla ya wakati wake. Mzee mmoja akatafuna, akatafuna, kisha akaniita taratibu, akanionyesha lile neno "laini" kwa kidole. Niliumia sana kwa ajili yake, kwa kuwa alikuwa ameniamini. Tangu siku ile huandika "Pweza aliyepondwa, akachemshwa taratibu". Ni kazi, na mpishi akiisoma asubuhi inamkumbusha wajibu wake.

Vile viwili vingine nitavipitia haraka. Mbaazi tuliandika: "Mbaazi za nazi na maandazi mawili ya iliki. Ya moto hadi saa nne. 1,500." Kikomo cha saa kinasaidia, kwa kuwa andazi lililopoa si lile alilolisoma. Na juisi: "Chungwa la Muheza, linakamuliwa ukiona. Halitiwi maji wala sukari. 2,000."

Juu ya chaki niseme mawili. Ubao mpya usiuandike hivi hivi. Lalisha chaki ubavu, paka ubao wote, kisha futa kwa kitambaa kikavu. Usipofanya hivyo, maandishi ya kwanza huacha kivuli kisichotoka. Pili, maandishi tumia nyeupe na njano. Nyekundu na buluu hupendeza ukiwa karibu, lakini jua likianza kuzama hazionekani.

Utajuaje kwamba ubao unafanya kazi? Sikiliza maswali. Mtu akisoma akauliza "bei gani?" au "hiki kinakujaje?", hapo pana pengo la kuziba. Akiuliza "kuna nafasi ya kukaa?", ameshashiba kwa macho.

Chukueni chaki, kila mmoja na kipande chake cha ubao. Andikeni kichwa, na chini yake chakula kimoja mnachokipika, kama mnavyokisimulia jikoni. Mkimaliza, simamisheni mbao pale mlangoni. Mimi navuka barabara, nitavisoma vichwa kwa sauti kutoka kule, na nikikwama kwenye neno, mtanisikia.