Bakuli la Maji kwa Jirani: Mhadhara juu ya Jicho

(Mazungumzo yaliyotolewa barazani, Ujiji, Kigoma, baada ya sala ya Alasiri)

Asalaam aleikum. Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, hamjambo? Nashukuru kwa mkeka na kwa kahawa hii. Nimeombwa niseme juu ya jicho, lile linalosemwa kumdhuru anayetazamwa, na kabla sijakaa mzee mmoja ameshaninong'oneza kwamba mambo haya hayasemwi jua likizama. Nitajitahidi nimalize mapema.

Nianze na bakuli. Nilikuwa na miaka kama tisa, hapa hapa Ujiji, na mama alikuwa amejifungua kitindamimba wetu. Mtoto alinawiri, mashavu yamejaa. Siku moja jirani alikuja akampakata, akampima kwa mikono, akacheka: "Mtoto mzito huyu! Kweli ananyonya kwa mama mmoja?" Hakusema zaidi ya hapo. Usiku ule mtoto akaanza kuhara, akalia, akakataa ziwa. Bibi akauliza swali moja tu: "Nani kampakata leo?" Tukahesabu. Alfajiri nikapewa bakuli la bati na maneno ya kusema, wala nisiongeze langu: "Bibi anakusalimu, anaomba maji."

Yule jirani hakuuliza maji gani. Alichota kwenye mtungi wake, akanawa uso, akanawa mikono mpaka viwiko, akanawa magoti na vidole vya miguu, na maji yote yakadondokea ndani ya bakuli. Nikayabeba polepole kama nabeba mayai. Bibi akammwagia mtoto kwa nyuma, kuanzia kichwani. Mchana jirani akaja na uji kumjulia hali mtoto. Hapakuwa na ugomvi, hapakuwa na aliyenuna.

Nilikuja kuelewa nilichokibeba nilipokuwa mtu mzima, nikisoma Muwatta ya Imamu Malik, aliyefariki mwaka 795. Mle kuna habari ya Sahl bin Hunayf. Sahl alivua joho lake aoge mahali paitwapo Kharrar. Amir bin Rabia alikuwa akimtazama, na Sahl alikuwa mtu mwenye ngozi nzuri sana. Amir akasema hajapata kuona ngozi kama ile, hata ya mwari aliyefichwa ndani. Sahl akaanguka pale pale, akazidiwa. Mtume alipopewa habari alimwambia Amir: kwa nini mmoja wenu amuue ndugu yake? Mbona hukumwombea baraka? Kisha akamwamuru anawe. Amir akanawa uso, mikono, viwiko, magoti, ncha za miguu na upande wa ndani wa kikoi chake, ndani ya chombo kimoja. Sahl akamwagiwa, akainuka, akaondoka na wenzake kama hakuna kilichotokea.

Kwa hiyo bibi yangu, ambaye kitabu kile hakuwahi kukishika, alikuwa akifuata utaratibu wa miaka zaidi ya elfu, kiungo kwa kiungo. Ulifikaje hapa? Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora ilileta shanga na nguo, ikaondoka na pembe na watu waliofungwa minyororo. Pamoja na dini na lugha, ilileta pia adabu za namna hii.

Sasa tazameni jambo moja katika kisa cha Sahl, maana ndilo lililonileta hapa. Amir hakuwa adui. Alikuwa sahaba, na alichokifanya ni kustaajabu. Waarabu wana maneno mawili: hasadi, yaani kutamani neema ya mwenzio imwondoke, na aini, jicho lenyewe. Sisi tunayachanganya. Tunasema kijicho, husuda, jicho baya, kama vile ni kitu kimoja, halafu tunavaa kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu" tukimlenga jirani. Lakini hasidi anajua anachokitaka. Mwenye jicho huenda hajui kabisa kwamba limetoka. Hata mama anaweza kumpiga mwanawe jicho kwa kumpenda mno. Plutarko, Mgiriki aliyeandika miaka karibu 1,900 iliyopita, ameyajadili haya katika mazungumzo ya mezani. Anamtaja mtu aitwaye Eutelida aliyejitazama majini, akavutiwa na uzuri wake, akajidhuru kwa jicho lake mwenyewe. Sasa huyo mtamlaumu nani?

Ndiyo maana kinga ya kwanza ni ya mdomo wa anayesifu. Anayetamka "mashaallah, tabarakallah" anakiri kwamba neema ina mwenyewe, na kwamba yeye haidai. Ukimsikia mtu anamsifu mtoto wako akanyamaza hapo, mama wa Kiswahili hagombi, humsaidia tu: "Sema mashaallah, dada." Mgiriki hana mashaallah, lakini akimsifu mtoto atatema mate mara tatu, au atajifanya anatema, "ftu, ftu, ftu". Meksiko wana desturi iliyo karibu zaidi na bakuli la bibi. Kule ukimstaajabia mtoto wa mtu inakupasa umguse. Ukiondoka bila kumgusa na mtoto akaugua, watakutafuta urudi umguse. Aliyetazama ndiye mwenye dawa. Haitwi kuhukumiwa, anaitwa kusaidia.

Vitu vinavyovaliwa vinafanya kazi nyingine. Ushanga wa buluu wa Waturuki, ule wenye duara kama mboni, hutengenezwa kwa kioo katika vijiji vya karibu na Izmir. Umewekwa upokee mtazamo wa kwanza, na ukipasuka wanasema umeshabeba uliyokusudiwa wewe. Kule India mtoto hutiwa doa jeusi usoni, kwa hoja tofauti: uzuri unatiwa dosari kidogo ili usikamilike machoni pa mtu. Sisi hapa tunafanya vyote viwili. Doa la wanja kwenye paji, uzi mweusi mkononi, na kifundo cha mvuje kwenye kitambaa, ambacho harufu yake, wallahi, inatosha kumfukuza hata asiye hasidi.

Mwanazuoni wa ngano za watu, Mmarekani Alan Dundes, alidai mwaka 1981 kwamba siri ya imani hii ni maji. Uhai ni umajimaji, akasema, na jicho hukausha: ng'ombe akisifiwa maziwa yanakatika, mama akitazamwa ziwa linakauka, mti uliostawi unanyauka. Ndiyo maana tiba nyingi ni maji, mate au mafuta. Nadhani anavuta kamba mpaka mbali, maana doa la wanja sioni linaingiaje hapo. Lakini nikimkumbuka yule kitindamimba anayehara, nakaa kimya.

Maana kisa cha bakuli sijakimaliza. Baada ya kummwagia mtoto maji, bibi alimpapasa utosini. Utosi ulikuwa umebonyea. Akafunga kanga yake, akambeba mpaka zahanati, akasema huko jicho limeshaondoka ila maji yameisha mwilini. Muuguzi akaanza kumnywesha maji ya chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko. Mama zangu, dalili ambazo katika nchi nyingi huitwa jicho, yaani mtoto analia bila machozi, anakataa kunyonya, macho yamezama, utosi umebonyea, ndizo dalili za mtoto aliyeishiwa maji. Siku hizi kuna pakiti zinazochanganywa na lita moja ya maji safi. Na akianza kustuka mwili na kugeuza macho, hiyo ni degedege, na mara nyingi chanzo ni malaria kali. Omba maji kwa jirani ukitaka, lakini mmoja aende kwa jirani na mwingine awe njiani kwenda zahanati saa hiyo hiyo.

Na wanja nao niuseme. Ule wa manga, wa jiwe linalometameta, mara nyingi ni madini ya risasi. Madini hayo yakiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo, na mtoto hupangusa macho kisha akanyonya vidole. Kama lengo ni doa, masizi ya kibatari kwenye paji yanatosha. Jicho halichagui chapa ya wanja.

Sasa nije kwenye jambo zito. Mwaka 1976 mwanaanthropolojia John Roberts alichapisha hesabu ya jamii 186 za dunia, akakuta imani ya jicho katika 67, kama 36 kwa mia. Nyingi ziko kuanzia Bahari ya Kati mpaka India. Huku kwetu bara, imani kongwe ya kueleza maafa ni nyingine, ni uchawi. Mchawi hupewa nia, hupewa usiku, hupewa vifaa. Jicho halina hata kimoja kati ya hivyo. Hizi imani mbili zikikutana katika mtaa mmoja, mara nyingi ile ya uchawi huimeza ya jicho. Mtu anasema "nimepigwa jicho na fulani", na jioni fulani ameshakuwa mchawi.

Mnajua yaliyotokea Usukumani na sehemu za mkoa jirani wa Tabora. Wanawake wazee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa miaka hamsini ya kupuliza moto jikoni, wengine wakipikia kinyesi cha ng'ombe kwa sababu kuni zimekwisha. Pale jicho halikuwa tena kitu kinachotoka bila kukusudia. Limekuwa ushahidi. Sheria ya Uchawi tuliyo nayo, ya mwaka 1928, inamtia hatiani hata anayemtaja mwenzake kuwa ni mchawi. Lakini sheria hufika baada ya panga.

Bibi yangu hakumtaja jirani. Alimwomba maji. Hadithi iliyomo katika Sahihi Muslim inasema jicho ni kweli, kisha inamgeukia anayedhaniwa: mkiombwa mnawe, naweni. Asichukie, asiape, anawe tu. Kunawa kwake si kukiri kosa.

Kuna mkono umeinuka. Ndiyo, binti.

Anauliza: na asipojulikana aliyetazama, kwa mfano picha ya mtoto imewekwa kwenye simu, imeonwa na watu mia? Hapo hakuna wa kuombwa maji. Wanaosoma watamsomea mtoto sura za Falaki na Nasi, na ile Falaki inamalizika kwa kujikinga na shari ya hasidi anapohusudu. Wengine hufunika uso wa mtoto kwa kimaua kwenye picha. Huo nao ni wanja, binti yangu.

Mzee, nawe? Anauliza: na jirani akikataa kunawa?

Wanazuoni walilijadili hilo, kama anaweza kulazimishwa. Bibi hakungoja hukumu yao. Aliyekataa alimkaribisha kahawa, akampigisha soga mpaka akamaliza, akaagana naye mlangoni. Kisha akasuuza kikombe chake, na yale maji akayaweka pembeni.

Naona mama mwenye nyumba ameshaanza kukusanya vikombe.