Kusoma Saketi ya Kapasita Kutoka Kwenye Picha

Tazameni picha iliyo ukutani. Ni mchoro wa saketi uliopigwa picha kwa simu, umeinama kidogo lakini unasomeka. Kushoto kuna betri ya volti 12. Juu, kwenye mstari mmoja ulionyooka, kuna kapasita mbili: C1 ya mikrofaradi 12 na C2 ya mikrofaradi 3. Upande wa kulia imesimama C3 ya mikrofaradi 6. C4 ya mikrofaradi 4 imechorwa mshazari, kuanzia kati ya C1 na C2 hadi kwenye waya wa chini.

Wengi wakiiona picha hii huanza na C1 na C2, kwa sababu zimekaa kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo hesabu inapoharibikia. Mfululizo hautokani na namna kapasita zilivyochorwa. Kapasita mbili ziko katika mfululizo pale tu makutano yaliyo kati yao hayana tawi jingine. Zikiwa sambamba, ncha zao zote mbili zimeungana kwa waya mtupu.

Kwa hiyo, kabla ya kushika kikokotoo, chukueni kalamu muyape makutano herufi. Waya wote usiokatizwa na kifaa ni sehemu moja, hata ukikunja kona tatu. Chanya ya betri ni A. Kati ya C1 na C2 ni B. Kati ya C2 na C3 ni K. Waya wa chini wote, pamoja na hasi ya betri, ni D. Sasa isahauni picha, mwandike: C1 ni A hadi B, C2 ni B hadi K, C3 ni K hadi D, C4 ni B hadi D. Kwenye B zinakutana kapasita tatu, basi C1 na C2 haziko katika mfululizo. Kwenye K zinakutana mbili tu; tuanzie hapo.

C2 na C3 katika mfululizo: 3 × 6 ÷ (3 + 6) = 2 µF. Njia hii ya kuzidisha na kugawa kwa jumla ni ya kapasita mbili tu. Zikiwa tatu, jumlisheni vipindu, yaani 1 ÷ C ya kila moja, kisha mgeuze jibu. Hatua hiyo ya mwisho husahaulika mno. Hizo 2 µF zinatoka B hadi D, sawa na C4, kwa hiyo ziko sambamba nayo: 2 + 4 = 6 µF. Sasa imebaki C1 katika mfululizo na hizo 6: 12 × 6 ÷ 18 = 4 µF. Hiyo ndiyo kapasitansi ya jumla.

Chaji inayotoka kwenye betri ni Q = CV = 4 × 12 = 48 µC. Yote inapita C1, kwa hiyo volti za C1 ni 48 ÷ 12 = 4. Zilizobaki, volti 8, ziko kati ya B na D. C4 inabeba 4 × 8 = 32 µC, na tawi la C2 na C3 linabeba 2 × 8 = 16 µC. Kila moja ya hizo mbili ina 16 µC kamili, hazigawani. C2 inapata volti 5.33 na C3 volti 2.67.

Nishati ni ½CV², na kwa jumla ni ½ × 4 × 144 = 288 µJ. Ipimeni kwa kila kapasita: C1 ina 96, C4 ina 128, C2 ina 42.7 na C3 ina 21.3. Jumla ni 288. Betri yenyewe ilitoa QV, yaani 576 µJ. Nusu nyingine imepotea, zaidi kama joto kwenye waya.

Lakini jumla hiyo ya nishati haitawaonyesha kosa la kusoma picha. Aliyeunganisha C1, C2 na C3 katika mfululizo, kisha akaiweka C4 sambamba nazo, anapata 5.71 µF, na nishati zake zitajumlika vizuri tu. Kinachomuumbua ni volti. Kwake C4 ina volti 12 na C1 ina 1.71. Rudini kwenye mchoro mpite kutoka chanya, C1, C4, hadi hasi: 13.71, ilhali betri ni ya 12. Pimeni kila njia ya mchoro wa awali namna hiyo.

Angalieni pia vizio, maana kwenye picha yenye ukungu µF husomeka nF kwa urahisi, na jibu hukosea mara elfu.

Na hesabu hii ya chaji sawa katika mfululizo inadai kapasita zianze zikiwa tupu. Kwenye kapasita halisi za elektroliti zilizoachwa muda mrefu kwenye betri, mkondo mdogo unaovuja ndani yake huhamisha volti, na mita haitaonyesha tena 5.33 na 2.67.