Walifundishwa, Iligawiwa, Vilisambazwa: Ukurasa wa Kwanza wa Ripoti ya Mfadhili

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za asubuhi. Nimepewa dakika arobaini, na karibu zote nitazimalizia kwenye ukurasa mmoja: ukurasa wa kwanza wa ripoti yenu ya mwaka.

Tuchukue mradi wa kuhifadhi mahindi, kwa sababu wengi humu mnaufanya. Mnajua hali ilivyo. Mahindi yanavunwa Juni na Julai, na ikifika Novemba dumuzi ameshageuza gunia kuwa vumbi. Ni mdudu yuleyule ambaye wakulima wetu walimbandika jina la Scania alipoingia kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Mradi unafundisha kutumia mfuko wa kinga njaa: plastiki mbili ndani, salfeti nje, hewa haipiti, mdudu anamaliza oksijeni iliyomo na kufa. Namba nitakazotumia ni za zoezi, nimezitunga ili tuhesabu pamoja. Sentensi zenyewe ninazisoma kila mwaka:

"Katika kipindi hiki mradi uliendesha mafunzo 24 katika vijiji 12. Jumla ya wakulima 960 walifundishwa juu ya hifadhi bora ya nafaka. Mifuko 1,920 iligawiwa. Mikutano 36 ya uhamasishaji ilifanyika na vipeperushi 3,000 vilisambazwa."

Sasa niambieni: mahindi yalipona au hayakupona? Soma mara mbili, soma mara tatu, hutajua kama kuna hata debe moja lililookoka.

Angalieni vitenzi. Walifundishwa. Iligawiwa. Vilisambazwa. Hiyo "-wa" ya mwisho ndiyo inayowasaliti. Mkulima ametendewa, hajatenda. Na "ilifanyika" ni mbaya zaidi, maana pale hata aliyefanya hayupo. Matokeo yanaanza pale mkulima anapokuwa mtenda: anakausha, anafunga, ananunua mfuko wa pili, anauza Desemba badala ya Julai. Kwa hiyo kabla hujahangaika na jedwali la viashiria, chukua kalamu uzungushie kila kitenzi kwenye ukurasa wa kwanza. Kama mtenda ni mradi, au ni shirika, au hayupo kabisa, hiyo ni shughuli, na mahali pake si hapo.

Najua kuna mtu atanyanyua mkono aseme, "Mbona wakulima walipata uelewa, hilo si tendo?" Hapana. Walipata uelewa, walijengewa uwezo, walihamasika: haya nimeyapinga miaka yote na nitaendelea kuyapinga. Uelewa huwezi kwenda kijijini ukauona. Mfuko utauona. Ingia ndani kwa ruhusa ya mwenye nyumba, uutazame. Plastiki ya ndani imekunjwa na kufungwa peke yake? Ya pili nayo peke yake? Halafu salfeti? Ukikuta zote zimekusanywa pamoja kwa kamba moja, mafunzo hayakufika, hata kama jina la mwenye mfuko lipo kwenye karatasi ya mahudhurio na sahihi ya posho ipo. Muulize alijuaje kuwa mahindi yamekauka. Akikuonyesha chupa kavu, akatia mahindi na chumvi kavu, akatikisa na kutazama kama chumvi inaganda kwenye kuta za chupa, huyo umemfikia. Hayo ndiyo ya kuandika.

Basi tuandike upya:

"Januari mwaka huu, kaya 74 kati ya 120 tulizotembelea zilikuwa zinahifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, tena zimeifunga sawasawa. Januari kabla ya mradi zilikuwa kaya 18 kati ya 120. Kati ya hizo 74, kaya 29 zimenunua mifuko mingine kwa fedha zao. Kaya zilizokuta mahindi yametobolewa zimepungua kutoka 83 hadi 37. Kaya 46 bado hazitumii mifuko. Nyingi ziliuza mahindi yote Julai ili kulipa madeni ya pembejeo. Mafunzo yaliwafikia wakulima 960 katika vijiji 12 (Kiambatanisho 1)."

Shughuli zote zimebaki kwenye sentensi moja, ya mwisho. Na kila namba hapo ina kazi yake. Nimesema 120 kwa sababu hakuna aliyetembelea kaya za wakulima wote 960. Hizo 120 zilichaguliwa kwa kura kutoka kwenye daftari, si zile zilizo karibu na barabara. Nimesema Januari na Januari, kwa sababu ukipima Julai kila mtu ana mahindi safi na mradi wako unaonekana muujiza. Waliojinunulia nimewatenga kwa sababu mfuko wa bure hata asiyeamini ataupokea, lakini anayetoa fedha yake mfukoni ameamini.

Mwingine angependa kuandika kaya ngapi zilikuwa bado na chakula Januari. Inavutia, lakini mvua ikinyesha vizuri mwaka huo chakula kitakuwepo hata kwa asiyejua mradi wako. Mahindi kutobolewa kunakaribia zaidi kazi uliyoifanya. Hata hapo, kama una kijiji jirani ambacho mradi haukufika, pima nako mwezi huohuo.

Sasa zile kaya 46. Najua mkono unawawasha kuzifuta. Mwaka mmoja mimi nilizificha. Mgeni wa mfadhili alipokuja, nyumba ya kwanza aliyoingia mama akamwambia, "Mwanangu, mahindi yaliondoka na deni la mbolea, hiyo mifuko nitawekea nini?" Mgeni akanigeukia akaniuliza kama nilikuwa nalijua hilo. Nililijua tangu Agosti. Ningeliandika mapema, tungekuwa tumeshaomba kuhamisha fedha ya vipeperushi tuanzishe mpango wa vikundi kukopeshana hadi bei ipande. Mwaka ulikwisha na vipeperushi vikachapwa.

Mhasibu wangu kule nyuma anatikisa kichwa. Anasema mfadhili amelipia mafunzo 24, yasipoonekana mkaguzi atauliza. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi shughuli zifutwe. Ziende kwenye Kiambatanisho 1, jedwali, kila shughuli mstari mmoja: kilichopangwa, kilichofanyika, sababu ya tofauti, kasma iliyotumika. Mstari mmoja, si aya moja. Nani alifungua mkutano na alivaa nini, hapana.

Muda umeniishia, nipite haraka. Ripoti ya robo mwaka: matokeo yatakuwa hayajaiva, basi andikeni tendo la awali, mathalani wangapi wamekausha na kupima kwa chumvi. Wasio na takwimu za kabla ya mradi: muulizeni mkulima kuhusu msimu uliopita, na mwandike wazi kwamba hiyo ni kumbukumbu yake. Picha tutazizungumza siku nyingine.

Toeni ripoti zenu. Kalamu nyekundu ziko mezani. Zungushieni vitenzi vya ukurasa wa kwanza tu, na pembeni ya kila kimoja mwandike mtenda ni nani. Mtu wa kwanza kukuta mkulima anatenda anyanyue mkono, tutaanza na sentensi yake.