Myself au me? Kitenzi cha Kiswahili kinakujibu

Walimu na makatibu mliofika, habari za mchana. Tuanze na barua. Tuseme kikundi cha wakulima wa zabibu cha Hombolo kinamwandikia mnunuzi ambaye Kiswahili hakijui. Katibu ameandika hivi, nami nitaiacha ubaoni mpaka tumalize:

"Myself and the chairman visited your office on Monday. We talked each other about the price. Please send the invoice to the treasurer and myself. The two drivers blamed themselves for the delay. They have each others number."

Barua hii ina sentensi tano, na kila moja ina kasoro. Nne kati yake mnunuzi atazielewa bila taabu, labda atatabasamu kidogo. Iko moja ambayo sarufi yake haina doa, ila inasema jambo ambalo katibu hakukusudia. Hiyo tutaifikia.

Kabla ya Kiingereza, tazameni kitenzi chetu wenyewe. Tunasema "alinikata" na "nilijikata". Vunjeni vipande: a-li-ni-kata, ni-li-ji-kata. Mbele ya mzizi, baada ya alama ya wakati, kuna nafasi moja ya mtendwa. Ndani yake anaingia "-ni-", "-ku-", "-m-" na wenzake, au inaingia "-ji-". Haviingii viwili. Na hakuna mtu anayesema "nilinikata", hata mtoto wa miaka mitatu, kwa sababu mtenda na mtendwa wakiwa mtu yule yule, Kiswahili kinadai "-ji-".

Kiingereza kina sheria hiyo hiyo, ila kimeiweka nje ya kitenzi. "He cut me", alinikata. "I cut myself", nilijikata. Kwa hiyo ukikwama, tafsiri kitenzi tu, usitafsiri sentensi nzima. Kikija na "-ji-", andika neno la "self". Kikija na "-ni-", andika "me".

Kipimo hiki kinafanya kazi hata pale ambapo wanafunzi wa kidato cha nne huchanganyikiwa. Chukueni hizi mbili: "Neema asked Rehema to photograph her" na "Neema asked Rehema to photograph herself". Nani anapigwa picha? Kwa Kiswahili ya kwanza ni "Neema alimwomba Rehema ampige picha", na anayepigwa ni Neema au mtu mwingine wa tatu, lakini kamwe si Rehema. Ya pili ni "Neema alimwomba Rehema ajipige picha", na hapo Rehema anajipiga mwenyewe. "Self" haimtazami mtu aliyetajwa mwanzo wa sentensi. Inamtazama mtenda wa kitenzi kilicho karibu nayo. Ndivyo ilivyo "-ji-" yetu, kwa hiyo hapa hamna jipya la kujifunza, kuna la kukumbuka tu.

Sasa rudini ubaoni. "Please send the invoice to the treasurer and myself." Anayetuma ankara ni mnunuzi, na anayetumiwa ni mweka hazina pamoja na katibu. Mtenda na mtendwa si mtu mmoja, kwa hiyo "self" haina kazi hapo. Njia ya haraka ya kuhakikisha ni kumwondoa mwenzako kwenye sentensi. Mfute mweka hazina, ibaki "send the invoice to myself". Sikio linakataa, linataka "to me". Basi mrudishe mweka hazina na "me" ibaki pale pale: "to the treasurer and me". Sentensi ya kwanza nayo ifanyieni hivyo. Mfute mwenyekiti, ibaki "myself visited", ambayo haisimami. Inatakiwa "I visited", kwa hiyo "The chairman and I visited your office". Adabu ya Kiingereza humtanguliza mwenzako, wewe ukafuata.

Kwa nini kosa hili ni la watu waliosoma? Sababu ya kwanza ni hofu. Shuleni mtoto husahihishwa akisema "me and Juma went", mpaka anaanza kuliona neno "me" kama neno la kihuni, na anapofika ofisini analikwepa kila mahali. Wengine hukimbilia "myself", wengine hukimbilia "I" na kuandika "to the treasurer and I", ambayo nayo ni kosa. Sababu ya pili ni ya kwetu. "Mimi" yetu haibadiliki: mimi nimekuja, nipe mimi. Tukitaka kuipa uzito tunaongeza "mwenyewe", na "mimi mwenyewe" inasikika ya heshima. Tunaipeleka heshima hiyo kwenye Kiingereza, nayo inafika ikiwa imegeuka majivuno.

Kusema haki, "myself" ina kazi ya kukazia pia. "I weighed the grapes myself" ni sahihi kabisa, yaani nilizipima mwenyewe, sikumtuma mtu. Lakini angalieni: hapo "I" ipo tayari, na ukiiondoa "myself" sentensi inabaki nzima. Hiyo ya kukazia ni mgeni aliyeongezwa, haikalii kiti cha mtu. Na "by myself" ni peke yangu, jambo jingine tena.

Kipimo cha "-ji-" kina mipaka, na ni lazima niionyeshe, la sivyo nitakuwa nimewatega. Viko vitenzi vya Kiswahili ambavyo "-ji-" imeganda ndani yake. Mfano mzuri ni kujifunza. Kwa asili ni kujipa mafunzo mwenyewe, kwani "funza" ni kufundisha. Kiingereza kina neno zima kwa hilo, "learn", ambalo halitaki msaada. Kwa hiyo "I learned myself English" ni kosa, ilhali "I taught myself English" ni sahihi, kwa maana sikuwa na mwalimu. Ndivyo ilivyo kwa kujiunga, "join", kujiuzulu, "resign", na kujisikia, "feel". Mgonjwa husema "I feel better", hasemi "I feel myself better". Kinyume chake kipo, ila ni kidogo: wenyeji wa Kiingereza humwambia mgeni "enjoy yourself", na mtoto mtundu "behave yourself", ambapo sisi "-ji-" hatuitumii.

Jambo jingine linalotuponza ni kwamba "-ji-" haihesabu watu wala haiulizi jinsia. Baba amejikata, mama amejikata, wote wamejikata. Kiingereza kinadai uchague: "himself", "herself", "themselves". Mwenyeji akikaribisha watu kumi chakulani, "help yourself" inamkaribisha mmoja, na tisa wanabaki wamesimama. Anatakiwa kusema "help yourselves". Wanafunzi huandika pia "hisself" na "theirselves", na msiwacheke: wana mantiki, kwa kuwa "myself" na "ourselves" zimejengwa hivyo hivyo. Zipo hata lahaja za Uingereza zinazosema hivyo. Katika Kiingereza sanifu, hata hivyo, ni "himself" na "themselves".

Tuje kwenye kutendana. Sentensi ya nne: "The two drivers blamed themselves for the delay." Niliwaambia haina doa. Kwa kipimo chetu inasema madereva walijilaumu, yaani kila mmoja alikiri kosa lake, au wote wawili walikiri. Lakini katibu alitaka kusema walilaumiana: huyu anamsukumia yule, na yule anamrudishia. Hiyo ni "blamed each other". Mnunuzi akiisoma barua kama ilivyo, ataona kikundi kimekiri kwamba mzigo ulichelewa kwa uzembe wa madereva wake, na anaweza kudai apunguziwe bei. Kiswahili kinatenganisha mawili haya kwa usafi kabisa, "-ji-" kwa kujitenda na "-ana" kwa kutendana, kwa hiyo Mswahili akikosea hapa kosa ni la haraka tu.

Penye ugumu wa kweli ni sentensi ya pili, "We talked each other." Kwetu kutendana kumeshikamana na kitenzi: kuongeleshana, kutegemeana, kungojana. Kiingereza kinaacha kitenzi kama kilivyo, na kikiwa na kihusishi chake hakikiachi. Jaribu kuweka jina la mtu mahali pa "each other". Huwezi kusema "we talked Juma". Ni "we talked to Juma". Basi ni "we talked to each other". Vivyo hivyo "depend on each other" na "wait for each other", lakini "help each other" tupu, kwa kuwa ni "help Juma". Halafu sisi tunaweza kusema "Asha alisaidiana na Juma", mtenda akiwa mmoja. Kwa Kiingereza wote wawili lazima wahamie mbele: "Asha and Juma helped each other". Mtu mmoja hana "each other" yake.

Najua swali linalosubiriwa: "each other" ni ya wawili na "one another" ni ya watatu kuendelea? Ndivyo vitabu vingi vya shule vinavyofundisha, na kwenye mtihani unaosahihishwa kwa kitabu hicho, ifuateni. Lakini waandishi wazuri wa Kiingereza hawajawahi kuishika. Henry Fowler, aliyeheshimika sana kwa mambo ya matumizi ya Kiingereza, aliikataa sheria hiyo mwaka 1926. "The members help each other" ya kikundi cha watu arobaini haina kosa. Tofauti inayosikika ni ya ladha tu: "one another" ni rasmi zaidi, ndiyo maana inazoeleka kwenye mahubiri na hotuba. Mimi nisingemkata mwanafunzi alama kwa hilo.

Alama ningeikata kwenye sentensi ya mwisho. "Each others number" imekosa apostrofi, na apostrofi hiyo ina mahali pamoja tu, kabla ya "s": "each other's". Hata wakiwa watu mia haihami kwenda nyuma ya "s", kwa sababu "other" hapo ni ya umoja, kila mmoja na mwenzake. Na kwa kuwa madereva ni wawili na simu ni mbili, andikeni "each other's numbers".